Kidole Changu Kwenye Picha

Kosa ni langu. Nalisema mwenyewe mapema, kabla wifi yangu hajalisema kwa niaba yangu kwenye kila msiba na kila harusi: mkanda niliufumua.

Lakini nani angeacha? Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na sita huu. Ukinipa kitu cha kushonwa mkononi sikitazami usoni, nakigeuza ndani nje. Hata nikienda kwa watu nikakalia kochi, kabla sijajibu kama nitakunywa juisi vidole vimeshaingia chini ya mto kutafuta mshono. Mume wangu ananicheka. Alikuwa ananicheka, niseme hivyo.

Mume wangu kazini wanamwita Winchi. Ghala zima linamjua kwa jina hilo, hata mshahara siku moja walitaka kumwandikia hivyohivyo. Alikuwa anabeba magunia mawili mawili na bado anapata pumzi ya kumtania aliyebeba moja. Basi mwezi wa pili, gunia la tatu la asubuhi, akasikia kitu kimeachia kiunoni. Hakupiga kelele. Alishuka tu taratibu, akakaa sakafuni, akasema, "Nisaidieni." Mwenzake aliyeniletea habari alisema hicho ndicho kilichowatisha, maana Winchi hajawahi kumwomba mtu msaada, hata wa chumvi mezani.

Miezi mitatu alilala chali. Yule dokta wa mazoezi kule kliniki alimkanda, akamfundisha kuinua goti, kugeuka, kuamka kwa ubavu. Mwishowe akasema anaweza kurudi kazini, ila kubeba asahau. Msimamizi wa ghala, Mungu amzidishie kwa hilo, alimwekea nafasi ya kukagua mizigo getini: kusimama, kuhesabu, kutia sahihi. "Jumatatu ya kwanza ya mwezi," akasema. "Ukija umenyooka, kazi yako. Usipoweza kusimama zamu moja, ndugu yangu, itabidi nimpe mtu mwingine. Nami nina wakubwa zangu."

Zamu ni saa nane za kusimama. Dokta akatikisa kichwa, akasema ataweza akivaa mkanda wa mgongo, lakini uwe ule wenye vyuma ndani. "Mkanda hauponyi," alimwambia. "Unakushikilia tu usijisahau ukainama. Mlaini ni sawa na kujifunga shuka."

Mkanda wenyewe nilikuwa naujua. Nesi wa kliniki hiyohiyo anao, kiuno chake kimechoka kwa kugeuza wagonjwa, na mwaka jana aliniletea nimshonee ukanda mmoja uliokatika. Niliugeuza huku na huku nikauvulia kofia. Mshono mara mbili, sambamba, hauyumbi hata kwenye kona. Mifuko minne mgongoni, kila mmoja una ubapa wa chuma uliopindwa kufuata mgongo wa mtu. Hata mimi na ubishi wangu nilisema, aliyeshona hapa ni fundi.

Sasa dukani kwenye vifaa tiba bei yake ni ya kukufanya ujifanye umepigiwa simu, utoke. Nikaingia kwenye simu, kwenye lile soko la mtandaoni ambalo kila mtu ananunua. Nikaukuta. Theluthi ya bei! Nikaikuza picha mpaka ikajaa kioo. Mshono mara mbili. Kona zilezile. Nembo ileile. Ulikuwa ule ule, naapa, na picha haikudanganya kabisa. Picha ilikuwa ya mkanda wa kweli. Nikalipa, nikamwambia Winchi, "Mume wangu, umepata mke mwenye macho."

Ulifika siku kumi na moja kabla ya ile Jumatatu. Kijana wa pikipiki alinikabidhi mfuko, na kabla sijafungua nilishajua, maana mkono ulipanda juu. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito, uzito haukuwepo.

Nikautoa. Kwa mbali ulifanana, siwezi kukataa. Nikaupinda mgongoni, ukapinda kama jalada la daftari. Basi badala ya kukaa chini nikafikiri kama watu wenye akili, nikachukua wembe, nikafumua mfuko wa kwanza. Plastiki! Kipande cha plastiki nyeupe kilichokatwa kwa mkasi, upande mmoja bado kina maandishi ya bluu, nusu ya neno, sijui kilikuwa ndoo ya rangi au ya nini. Nikafumua wa pili. Plastiki. Wa tatu na wa nne, plastiki, plastiki. Mezani kwangu kukawa na nyuzi na vipande vinne, na mimi nimesimama na wembe mkononi.

Winchi akaja ameshika ukuta. Akatazama.

"Na huyo umemfanyia upasuaji," akasema.

"Wameniibia!"

"Naona. Sasa mgonjwa aliyepasuliwa utamrudishaje?"

Nikamwambia anyamaze. Lakini alikuwa amesema kweli. Nilipofungua sehemu ya kurudisha bidhaa, swali la kwanza lilikuwa: je, bidhaa iko katika hali iliyopokelewa? Nikapiga picha vile vipande vya plastiki, nikatuma, nikijiuliza ni hakimu gani ataona haya asihukumu. Jibu likaja baada ya dakika mbili. "Mpendwa mteja, tunasikitika. Picha zinaonyesha bidhaa imefumuliwa na mnunuzi. Bidhaa iliyoharibiwa hairudishwi. Tunakutakia siku njema."

Siku njema! Nikaandika tena kwamba nisingefumua nisingejua. Wakajibu maneno yaleyale, mpaka nukta. Nikaandika kwa herufi kubwa. Yaleyale. Nikagundua nagombana na mashine, na mashine haichoki.

Najua utauliza, fundi mzima, si ungemshonea? Nilijaribu. Nilikwenda kwa mchomeleaji akanikatia vyuma vinne. Havikuwa na mnepo, vilikuwa vyuma vya dirisha tu. Mpira ule mpana nao ulinivunjia sindano tatu. Nilipompelekea dokta kazi yangu aliigusa kidogo kwa heshima, akasema, "Mama, hiki akiinama kitamchoma mbavuni. Usimvalishe." Nikakirudisha kwenye mfuko kama mtoto aliyekosa hesabu.

Sasa kilichobaki kilikuwa mdomo. Na mdomo, wifi yangu atakwambia, ninao. Nikasema nitaandika maoni pale chini ya bidhaa, aje asome kila mwenye mgongo.

Nesi alinikopesha mkanda wake kwa mchana mmoja, kabla ya zamu. Nikafuta meza ya kukatia, ile yenye alama ya pasi kwenye kona. Nikafungua dirisha mwanga uingie. Sikutaka mtu aseme nimepiga gizani nikamsingizia muuzaji. Nikaulaza mkanda wa Nesi peke yake, nikaweka na futi yangu ya kitambaa pembeni, nikaubonyeza mshono kwa kidole gumba ili uonekane vizuri. Nikapiga. Picha ilitoka safi mpaka ukaweza kuhesabu mishono. Halafu wa kwangu, peke yake, na plastiki zake. Halafu yote miwili pamoja. Mkanda uliopigwa picha na muuzaji ndio huo wa Nesi, na uliokuja kwangu ndio huo mwingine. Mwenye macho alinganishe.

Nikaandika hivi, na kila neno nililipima:

"Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubali. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nisikilizeni. Mkanda kwenye picha ya duka una mishono kumi na miwili kwenye inchi moja, iko mistari miwili sambamba. Uliokuja una sita, mstari mmoja, na umelewa. Wa picha una upana wa inchi kumi mgongoni. Uliokuja inchi nane, haufiki panapouma. Nimeipima yote miwili kwenye mizani ya duka la jirani: wa kweli unazidi gramu mia nne, huu haufiki mia mbili, ndiyo maana mkono utapanda juu ukiupokea. Velkro ya kweli, yaani ile ya manyoya na vindoano, ukiivuta inapiga kelele. Hii inanong'ona, na ukivuta pumzi kubwa inaachia. Nembo kwenye picha imefumwa kwa uzi. Hii imechapwa, kucha inaitoa. Na la mwisho: palipoandikwa vyuma vinne mna plastiki nne. Mume wangu anatakiwa kusimama saa nane. Plastiki haimsimamishi mtu. Msinunue."

Nikamsomea Winchi. Akacheka kwenye "umelewa", akashika kiuno. "Uache ushonaji," akasema, "uwe hakimu."

Jamani, maoni yale yalisomwa! Siku ya pili watu mia mbili na kitu walibonyeza kwamba yamewasaidia. Mmoja akaandika, "Mama, ungekuwa jirani yangu." Nilitembea siku ile shingo juu. Mgongo wa mume wangu ulikuwa palepale ulipo, lakini mimi nilijiona nimefanya jambo.

Jioni yule muuzaji akapiga. Namba aliitoa kwenye mzigo. Sauti ya kijana, ina adabu.

"Mama shikamoo. Naomba hayo maoni uyafute. Nitakurudishia nusu."

"Nusu ya nini? Nusu ya mgongo?"

"Mama, mimi mwenyewe naletewa mabunda. Sijawahi kufungua hata mmoja. Tangu uandike sijauza."

"Hebu nisikilize wewe! Ulipoweka picha ya kitu usichokuwa nacho ulikuwa hujui?"

"Picha nilipewa na mzigo, mama. Chukua nusu."

Nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa, nikakata. Winchi alikuwa amekaa kitandani, akaniuliza kwa upole, "Nusu na kidogo tulichonacho, isingefika ya dukani?" Nikapiga hesabu kichwani. Ingekaribia. Nikasema, "Sichukui pesa ya mwizi." Namwona hadi leo alivyotazama ukuta.

Asubuhi nilifungua nisome walioandika, nikakuta ukurasa hauko. Duka limefungwa, bidhaa imetoka, na maoni yangu yamekwenda nayo. Watu wangu mia mbili wote wamefutika. Nikasema sawa, basi nimemfunga duka, ushindi si haba.

Ushindi ulidumu mpaka saa sita mchana. Nilikuwa napitisha kidole tu kwenye simu nikisubiri pasi ipate moto. Mkanda. Duka jingine, jina jingine, bei ileile. Na picha, Mungu wangu, picha! Meza yangu. Alama ya pasi kwenye kona. Futi yangu. Kidole gumba changu, na kovu lake la sindano iliyopita kwenye kucha mwaka mmoja, kinabonyeza mshono wa Nesi. Ile picha ya kwanza, ya mkanda wa kweli peke yake, ndiyo wameichukua. Wakaandika juu: "PICHA HALISI, IMEPIGWA NA MTEJA."

Nilikaa chini. Pasi ikaunguza suruali ya mtu na sikusikia harufu.

Nikalalamika. Fomu ikaniuliza kama mimi ndiye mmiliki wa chapa ya mkanda. Mimi? Mmiliki wa kidole! Hakuna mahali pa kuandika kidole. Nikabonyeza "mengineyo", nikaeleza yote, nikaambatanisha picha kutoka kwenye simu yangu. Wakajibu kwamba picha zinazowekwa kwenye maoni, kwa mujibu wa masharti niliyoyakubali, zinaweza kutumika sokoni, lakini wataliangalia suala langu ndani ya siku saba za kazi. Nikataka kuandika maoni kwenye duka jipya. Likanikatalia: maoni ni ya walionunua tu. Yaani niwalipe tena ndipo niwaseme! Nikamwambia Winchi, akasema niache, nitaugua. Zilibaki siku nne.

Jumamosi wifi yangu akaja. Dada yake Winchi wa mwisho, mwanamke wa maneno kuliko mimi, anaingia mlangoni kabla hajabisha. Tukaanza kama kawaida yetu.

"Wifi umenenepa," akasema, "kaka yangu kalala wewe unanenepa?"

"Nanenepa kwa chakula usicholeta."

Akacheka, akatoa kitu kwenye mkoba kimefungwa mfuko ule ninaoujua.

"Haya, nani kama mimi?" akasema. "Nimekopa kwenye kikundi chetu nikamnunulia kaka mkanda. Wa kweli huu! Sikutaka kuwaambia, iwe mshangao. Ulivyonilalamikia ule wa kwanza nikaingia mwenyewe kutafuta, nikaona picha. Nikasema hebu, hii meza naijua! Na hiki kidole nakijua, kimenifinya mara ngapi! Nikasema wifi yangu ameshalipata duka la kweli, mpaka anawapigia picha. Nikalipa palepale bila kuuliza."

Akauweka mkononi mwangu. Mkono ukapanda juu.

Nilifungua mdomo. Mimi, mwenye mdomo. Winchi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu, ananitazama usoni, na miaka yote hiyo ananijua. Akatikisa kichwa kidogo sana. Akaja akauchukua, akaufunga kiunoni juu ya shati, akanyooka, akageuka mbele ya dada yake kama bwana harusi.

"Huu ndio wenyewe," akasema. "Nausikia kabisa unanishika."

Wifi akapiga vigelegele. Nikaenda jikoni nikafungua maji ya bomba yatiririke, nikalia.

Alipoondoka nikamwambia mume wangu, tuurudishe, huu sijaufumua, huu watarudisha. Akaniuliza, warudishe lini? Jumatatu ni keshokutwa. Nikasema nimkimbilie Nesi. Nesi akaniambia, akiwa na machozi, kwamba yeye mwenyewe bila ule hawezi kumgeuza mgonjwa. Nikampigia msimamizi, nikaomba wiki moja. Akasema angependa, kweli angependa, na nikamwamini, na haikusaidia kitu.

Jumatatu nikamfunga mwenyewe. Nilikaza velkro mpaka ikanong'ona, nikapitisha juu yake kitambaa kigumu nilichokitia mishono mitatu sambamba, mishono yangu bora, ya bure kabisa. "Simama ukiegemea geti," nikamwambia. "Usiiname hata kalamu ikianguka." Akasema, "Kalamu nimeifunga kamba." Akaenda.

Alirudishwa saa nne na robo. Wenzake wawili walimshika huku na huku, mmoja akiwa amebeba daftari la kukagulia ambalo hakuwa ameambiwa alirudishe wapi. Kalamu ilikuwa bado inaning'inia. Alisimama saa mbili na nusu, wakasema. Kisha mkanda ukajikunja katikati, akafuata. Msimamizi alimshika mkono akamwambia pole, na nafasi ikapata mtu kabla ya chakula cha mchana.

Nilimlaza chali. Nikamfungua. Mimi sikumfumua mtu yeyote kwa maneno, siku hiyo yalikuwa yameisha. Simu ikaita, wifi, anauliza mkanda umemsaidiaje. Nikaiacha ikaita mpaka ikanyamaza.

Halafu nikafungua lile duka. Kidole changu kilikuwa palepale. Chini yake waliandika imeuzwa mia tatu arobaini. Na kuna mtu alikuwa ameuliza swali asubuhi ileile: "Samahani, ni wa mama yangu, mgongo unamsumbua. Huu una vyuma kweli?"

Muuzaji alikuwa amemjibu: "Ndiyo dada. Angalia mshono kwenye picha, hapo kwenye kidole."

Nikabonyeza nimjibu yule dada. Wakaniandikia kwamba majibu ni ya muuzaji na walionunua. Nikabonyeza tena.